Tofauti ya 409,500 kwenye thamani halisi ya sasa: tumeitafuta saa nzima, kumbe tarakimu mbili tu

#1 Msomi wa Usiku

Wadau habari za jioni. Nina swali, ila lazima kwanza nieleze kisa chenyewe.

Mimi na mwenzangu tunajiandaa na mitihani ya bodi ya uhasibu, na jioni tunakutana kufanya maswali. Jana tulichukua swali la mashine ya kukoboa na kusaga. Bei yake ni 20,000,000, inalipwa leo. Fedha inayobaki mwisho wa kila mwaka ni 4,800,000, kisha 6,200,000, kisha 7,000,000, kisha 6,500,000, na mwaka wa tano 5,000,000. Hiyo ya mwisho ina 1,000,000 ndani yake ya kuuza mashine ikiwa chakavu. Kiwango cha punguzo ni asilimia 14. Tulikubaliana kila mtu afanye kwake, halafu tulinganishe.

Mimi nikapata hasi 264,100, nikaandika "mradi ukataliwe". Yeye akapata chanya 145,400, akaandika "mradi ukubaliwe". Mazungumzo yakaenda hivi, nayaandika kama ninavyoyakumbuka:

Yeye: Umetumia jedwali gani?

Mimi: Hili hili la nyuma ya kitabu. Desimali tatu.

Yeye: Basi haiwezekani tuachane kwa laki nne. Ingekuwa ni desimali tungeachana elfu chache.

Mimi: Labda hukutoa ile milioni ya mabaki.

Yeye: Mabaki yanaongezwa, hayatolewi. Na yamo tayari kwenye milioni tano ya mwaka wa mwisho. Jumla yako kabla ya kutoa bei ya mashine ni ngapi?

Mimi: 19,735,900.

Yeye: Yangu 20,145,400. Hebu jumlisha tena.

Nikajumlisha mara mbili, ikatoka ile ile.

Yeye: Basi kujumlisha hakuna shida. Nisomee mstari mmoja mmoja.

Mimi: Mwaka wa kwanza 4,209,600. Wa pili 4,767,800. Wa tatu 4,725,000. Wa nne 3,438,500.

Yeye: Sawa, sawa, sawa, sa... ngoja. Rudia wa nne, taratibu.

Mimi: Milioni tatu, mia nne thelathini na nane elfu, na mia tano.

Yeye: Mimi nina milioni tatu, mia nane arobaini na nane elfu. Macho yameona tatu, nne na nane yakapita zao. Ulizidisha kwa ngapi?

Mimi: 0.529.

Yeye: Angalia jedwali.

Nikaangalia. Jedwali linasema 0.592.

Hapo kwenye kurasa zetu tulishapita zaidi ya mara tatu bila kuona. Sasa swali langu: mkiwa wawili mnaweza kusomeana. Ndani ya chumba cha mtihani niko peke yangu. Kosa kama hili nitalionaje? Na la pili, hivi linatokeaje? Nilikuwa sina usingizi hata kidogo.

#2 Kijana wa Nyanda

Mkuu, milioni 20 imekataliwa kwa sababu ya 9 na 2 kubadilishana viti. Wanakijiji wangekosa unga kwa ajili yako 😄

#3 Mzee wa Leja

Nimekaa na vitabu vya hesabu tangu enzi za leja za karatasi, kwa hiyo hili nalijua vizuri. Mlipopata majibu mawili tofauti, jambo la kwanza lilikuwa kutoa moja kwa lingine kisha kugawa kwa tisa. 409,500 gawa kwa 9 unapata 45,500 kamili, hakuna kinachobaki. Tofauti ikigawanyika kwa tisa bila baki, mtunza vitabu anaanza kushuku kwamba mtu amepindua tarakimu mbili zinazofuatana.

Sababu yake si uchawi. Ukiandika 92 ukaifanya 29, tofauti ni 63. Ukiandika 81 ukaifanya 18, tofauti ni 63 pia. Ukiandika 54 ukaifanya 45, ni 9. Tarakimu ikihama kutoka makumi kwenda mamoja inapoteza mara tisa yake, na ile nyingine inapata mara tisa yake, kwa hiyo tofauti siku zote ni tisa mara kitu. Kwako wewe ilikuwa 0.063, ukaizidisha kwa 6,500,000, ikawa 409,500. Ile tisa haikupotea njiani.

Mngefanya hivyo kwanza, msingejumlisha upya hata mara moja. Mngeanza kutafuta tarakimu zilizopinduka.

#4 Salio Sahihi

Shikamoo mzee. Hii ndiyo dawa kamili. Ukigawa kwa tisa ikakubali, basi uhakika ni tarakimu zimepinduka, unatafuta hilo tu na kumaliza.

#5 Mzee wa Leja

Marahaba mwanangu. Ila si uhakika, ni dokezo. Namba yoyote uliyookota barabarani ina nafasi moja kati ya tisa ya kugawanyika kwa tisa. Na ukisogeza nukta, ukaandika 480,000 badala ya 4,800,000, tofauti ni 4,320,000, nayo inagawanyika kwa tisa bila tarakimu yoyote kupinduka. Kwa hiyo inakuambia pa kuanzia kutafuta. Haikuambii umefika.

#6 Binti Hesabu

Mzee yuko sahihi, na kuna mtego mwingine juu ya huo. Hii ya tisa imefanya kazi kwa sababu wote wawili walitumia jedwali lile lile la desimali tatu. Mimi nimeingiza swali kwenye kompyuta ambako desimali hazikatwi, nikapata 151,391. Sasa toa hasi 264,100 kutoka kwenye hiyo. Tofauti ni 415,491. Gawa kwa tisa: haikubali. Kosa ni lile lile, tarakimu ni zile zile, lakini makadirio ya desimali yameingia katikati yakafuta alama ya tisa.

Kwa hiyo ukilinganisha jibu la karatasi na jibu la kompyuta, usiitegemee.

#7 Mfanyabiashara Mdogo

Samahani wadau, mbona mnazunguka? Mashine milioni 20. Jumlisha wanachoingiza: 4.8 na 6.2 na 7 na 6.5 na 5 ni milioni 29 na nusu. Faida ni milioni tisa na nusu. Mradi ni mzuri, hasi imetoka wapi?

#8 Msomi wa Usiku

Kaka, milioni 5 ya mwaka wa tano huwezi kuihesabu sawa na milioni 5 iliyoko mfukoni leo. Kama fedha yako ukiiweka mahali pengine ingekuzalishia asilimia 14 kwa mwaka, basi milioni 5 ya mwaka wa tano ni sawa na 2,595,000 ya leo. Ukifanya hivyo kwa kila mwaka, ile milioni 29 na nusu inashuka mpaka 20,145,400. Ndiyo maana laki nne inatosha kugeuza jibu.

#9 Mfanyabiashara Mdogo

Hapo nimekupata. Ila kwenye biashara halisi sijui nani anangoja mwisho wa mwaka. Nitarudi.

#10 Binti Hesabu

Nijibu swali la mwenye uzi, maana alitaka namna ya kujikagua akiwa peke yake.

Vigezo vya punguzo vikishakaa kwenye safu moja, usikimbilie kuzidisha. Toa kila kimoja kwenye kilichokitangulia, uandike tofauti pembeni kwa penseli. Kwa asilimia 14 vigezo sahihi na tofauti zake ni hivi:

```
0.877
0.769   0.108
0.675   0.094
0.592   0.083
0.519   0.073
```

Tofauti zinapungua taratibu, kama mtu anayeshuka ngazi ambazo kila moja ni fupi kidogo kuliko iliyopita. Sasa weka 0.529 mahali pa 0.592. Tofauti zinakuwa 0.108, 0.094, kisha 0.146, kisha 0.010. Umeshuka ngazi moja ndefu ghafla, halafu nyingine karibu haipo. Hilo huwezi kulipita hata kama umechoka, na linakuonyesha mstari wenyewe, si tu kwamba kuna kosa mahali fulani. Kwa vigezo vitano ni kutoa mara nne, hata dakika haifiki.

#11 Kalamu Nyekundu

Nzuri sana dada. Nami nina yangu ambayo ni fupi zaidi. Jumlisha vigezo vyote vitano. Sahihi vinatoa 3.432. Kisha fungua lile jedwali la pili, la malipo yanayolingana kila mwaka, angalia miaka mitano kwa asilimia 14. Utakuta 3.433. Moja ya mwisho inatofautiana kwa sababu ya desimali, hiyo ni kawaida. Vya mwenye uzi vinatoa 3.369. Pengo ni kama 0.063, na 63 ni tisa mara saba, na saba ndiyo tofauti ya 9 na 2. Jedwali limekutajia hata tarakimu zilizopinduka.

#12 Binti Hesabu

Na hapo nakukubalia kwa kitu kimoja ambacho njia yangu haiwezi. Ukiteleza ukasoma safu nzima ya asilimia 15 badala ya 14, tofauti zangu zitashuka vizuri tu bila kuruka, sitaona chochote. Jumla yako itaona, mradi na lile jedwali la pili ulisome kwenye 14.

#13 Kalamu Nyekundu

Sahihi. Na zote mbili ni bubu kama umeandika vigezo vizuri halafu ukazidisha vibaya. Hapo hakuna njia ya mkato, ni kukadiria kwa kichwa: 6,500,000 mara karibu 0.6 lazima iwe karibu 3,900,000. Ukiona 3,438,500 ushtuke.

#14 Msomi wa Usiku

Hilo la kukadiria limeniuma, kwa sababu nilikuwa naona 0.529 mbele yangu, ningekadiria kwa nusu, nikapata 3,250,000, nikaridhika.

#15 Kalamu Nyekundu

Kweli kabisa, makadirio yanakagua kuzidisha, hayakagui kunakili. Nimesema vibaya. Kwa kosa lako yasingesaidia.

#16 Fundi Lahajedwali

Jamani mwaka huu bado tunanakili majedwali? Fungua Excel, weka bei ya mashine kama hasi kwenye B2, fedha za miaka mitano kwenye B3 hadi B7, andika:

```
=NPV(14%,B2:B7)
```

Inakuja 132,799. Kazi imeisha, hakuna tarakimu ya kupindua.

#17 Binti Hesabu

Kaka Fundi, mimi nimepata 151,391 kwa Excel hiyo hiyo. Mmoja wetu amekosea, na nadhani ni wewe. Kitendakazi cha NPV kinachukulia kwamba namba ya kwanza uliyokipa inapatikana mwisho wa mwaka wa kwanza. Wewe umekipa bei ya mashine kama namba ya kwanza, kikaisukuma mwaka mmoja mbele, na kila kitu nyuma yake kikasukumwa pia. Chukua 132,799 uzidishe kwa 1.14, utafika kwenye yangu. Inatakiwa iandikwe:

```
=B2+NPV(14%,B3:B7)
```

B2 ibaki hasi.

#18 Fundi Lahajedwali

Nimejaribu, ni kweli. Asante. Nimekuwa nikiandika hivyo kwa muda mrefu kazini, sasa inabidi nirudi kwenye mafaili ya zamani nikague.

#19 Mzee wa Leja

Usiogope sana. Kosa hilo linagawa jibu lote kwa moja na kiwango cha punguzo, kwa hiyo chanya inabaki chanya na hasi inabaki hasi. Uamuzi wa kukubali au kukataa mradi mmoja haugeuki. Panapoharibika ni pale unapolinganisha na jibu la mtu aliyefanya sawasawa, au unapotoa taarifa ya kiasi chenyewe.

#20 Mkenya Halisi

Salamu kutoka Nakuru. Sisi huku tunaosoma mitihani ya KASNEB tuna mazoea ya kwenda nyuma kuja mbele, na hutumii jedwali hata kidogo. Unaanza na mwaka wa mwisho. Unagawa kwa 1.14, unaongeza fedha ya mwaka uliotangulia, unagawa tena, hivyo hivyo mpaka ufike leo. Kwa hili swali:

```
5,000,000 ÷ 1.14 = 4,385,965
+ 6,500,000 = 10,885,965 ÷ 1.14 = 9,549,092
+ 7,000,000 = 16,549,092 ÷ 1.14 = 14,516,747
+ 6,200,000 = 20,716,747 ÷ 1.14 = 18,172,585
+ 4,800,000 = 22,972,585 ÷ 1.14 = 20,151,391
```

Toa milioni 20, unabaki na 151,391. Kwenye kalkuleta ya kawaida hufuti skrini hata mara moja. Namba unazobonyeza ni 1.14 na fedha za swali, basi, kwa hiyo hakuna kigezo cha kunakili vibaya.

#21 Salio Sahihi

Si kila mwenye kuandika kutoka Nakuru anasemea Kenya nzima 😄 mimi nina ndugu Mombasa anafanya kwa jedwali. Lakini njia ni tamu. Swali: msahihishaji akitaka kuona safu ya vigezo utampa nini?

#22 Mkenya Halisi

Hapo umenishika. Mimi hufanya kwa jedwali kwenye karatasi ya kujibia, halafu narudia kwa njia hii kwenye kalkuleta kama ukaguzi. Zikiachana elfu chache ni desimali. Zikiachana laki kuna kitu.

#23 Mama Wawili

Naomba kuuliza kama mtu aliyewahi kuumia. Mimi nilipoteza swali zima namna hii, kosa dogo juu, nikafika chini na uamuzi uliogeuka. Nikaambiwa uamuzi ni wa uongo hivyo hakuna maksi. Hivi ni haki?

#24 Kalamu Nyekundu

Pole dada. Ninavyofahamu mimi kwenye kusahihisha, kosa la tarakimu unaadhibiwa mara moja, pale lilipotokea. Uamuzi ukiwa unaendana na namba yako mwenyewe, hata kama namba si sahihi, unapewa maksi yake. Hasi 264,100 ukaandika "ukataliwe", hiyo ni hoja iliyonyooka. Ungeandika "ukubaliwe" juu ya hasi, hapo ndipo ungenyimwa.

#25 Mama Wawili

Inategemea nani ameshika kalamu basi. Wa kwangu hakufanya hivyo.

#26 Mzee wa Leja

Inategemea pia kama alikuona ulipotoka. Ukiandika 3,438,500 peke yake bila kuonyesha 6,500,000 mara 0.529, msahihishaji hana njia ya kujua kwamba umeteleza kwenye tarakimu. Kwake inaonekana hujui unachofanya. Dada, ulionyesha hatua?

#27 Mama Wawili

Nilionyesha jumla tu, muda ulikuwa umeisha. Haya, labda.

#28 Kijana wa Nyanda

Turudi kwenye swali la pili, linatokeaje? Mimi nasema alisoma mstari mwingine wa jedwali. Kidole kiliteleza kwenda asilimia nyingine.

#29 Binti Hesabu

Nililifikiria hilo, nikapitia safu za asilimia 10 hadi 20, mwaka wa kwanza hadi wa kumi. Hakuna 0.529 popote. Kwa mwaka wa nne, asilimia 17 ni 0.534 na asilimia 18 ni 0.516, inarukwa. Hiyo namba haikutoka kwenye jedwali. Ilitengenezwa kati ya jedwali na daftari.

#30 Salio Sahihi

Mimi nashuku 0.519 iliyoko chini yake. Macho yalishaona kwamba namba inayofuata inaanza na tano, moja, na inaishia na tisa. Mkono ukavutwa na ile tisa ya mwisho. Angalia: 0.529 na 0.519 zimefanana kuliko 0.592 na 0.519.

#31 Mzee wa Leja

Inawezekana. Ila mimi ningeuliza jambo jingine: kuna aliyekuwa akisoma kwa sauti? Ofisini tulikuwa wawili, mmoja anasoma, mwingine anaandika. Msomaji akitaja tarakimu moja moja, "tano, tisa, mbili", mwandishi akiwa nyuma kidogo anaziandika kwa mpangilio wake, kwa sababu sauti ni zile zile tatu. Akisoma namba nzima, "mia tano tisini na mbili", huwezi kuichanganya na "mia tano ishirini na tisa". Tisini na ishirini hazifanani hata kwa mtu anayesinzia. Mkubwa wetu alikuwa anakataza kabisa kusoma tarakimu moja moja.

#32 Msomi wa Usiku

Mzee umenishtua. Tulifanya kila mtu kwake, lakini kitabu ni kimoja. Vigezo tulisomeana.

#33 Mfanyabiashara Mdogo

Nimerudi. Nilisema nani anangoja mwisho wa mwaka. Nimewahi kuwa na mashine ya kusaga mahindi, kwa hiyo naongea kitu ninachokijua. Fedha inaingia kila siku. Mama analeta debe lake asubuhi, analipa, anaondoka na unga. Baada ya mavuno mashine hailali, miezi ya njaa unakaa kibarazani unaangalia barabara. Na matumizi hayangoji pia: mkanda ukikatika ni leo, nyundo zikiisha makali unga unatoka chengachenga na wateja wanahamia kwa jirani wiki hiyo hiyo, chekecheke ikitoboka vivyo hivyo. Sasa nyie mnaweka fedha yote ya mwaka tarehe ya mwisho ya Desemba. Hiyo mashine mnaionea.

#34 Binti Hesabu

Kaka, safari hii una hoja nzito. Nimejaribu kuichukulia kama fedha ya kila mwaka inafika katikati ya mwaka, isipokuwa ile milioni ya mabaki ambayo inangoja mwisho kweli. Thamani halisi ya sasa inapanda kutoka laki moja na nusu hadi karibu milioni moja na nusu. Yaani dhana ya tarehe peke yake ina uzito zaidi ya mara tatu ya kosa la tarakimu lililoleta uzi huu.

#35 Kalamu Nyekundu

Lakini swali limesema "mwisho wa kila mwaka". Mtahiniwa akileta katikati ya mwaka anajibu swali lake mwenyewe.

#36 Mfanyabiashara Mdogo

Kwenye mtihani sawa. Mimi nilikuwa naongelea mashine.

#37 Fundi Lahajedwali

Na upande wa pili je? Nimebadilisha kiwango kutoka 14 kwenda 15 kwenye lahajedwali, nikiwa nimerekebisha ile fomula. Inakuwa hasi 333,102. Sifuri inapatikana karibu asilimia 14.3. Kwa hiyo aliyeweka 14 kwenye swali amekaa ukingoni kabisa. Mkopo ukipanda bei kidogo, "ukataliwe" ya mwenye uzi inakuwa ndilo jibu.

#38 Salio Sahihi

Yaani alikosea akafika karibu na ukweli?

#39 Kalamu Nyekundu

Hapana. Alikosea, na jibu sahihi kwa 14 ni kukubali. Kwamba mradi ni mwembamba ni sentensi unayoongeza chini ya uamuzi, na msahihishaji mzuri anaifurahia. Huwezi kutumia wembamba wa mradi kutetea 0.529.

#40 Mzee wa Leja

Mimi nisingemwekea mtu fedha yake kwenye laki moja na elfu arobaini na tano juu ya milioni ishirini, hata kama hesabu ni sahihi mpaka desimali ya kumi. Mkanda mmoja ukikatika msimu wa mavuno inaondoka.

#41 Mfanyabiashara Mdogo

Mkanda haufiki laki moja na nusu mzee. Mota ndiyo. Mota ikiungua unaisahau hiyo chanya.

#42 Daftari Langu

Habari zenu. Mimi ndiye "yeye" wa posti ya kwanza. Nimetumiwa kiungo sasa hivi nimesoma yote. Nisahihishe mambo mawili.

Kwanza, hatukutafuta saa nzima, ilikuwa kama dakika ishirini. Pili, kuhusu alichouliza mzee. Ni kweli tulisomeana vigezo, ila mimi ndiye niliyekuwa naandika nikisomewa, yeye alikuwa anasoma kutoka kwenye kitabu na kuandika mwenyewe wakati huo huo. Mimi niliandika 0.592. Kwa hiyo mdomo wake ulisema sawa na mkono wake ukaandika vingine.

#43 Msomi wa Usiku

Sivyo ninavyokumbuka dada. Miaka mitatu ya kwanza nilisoma mimi. Kisha ulichukua kitabu ukasema mwanga upande wangu ni hafifu, ukasoma wa nne na wa tano.

#44 Daftari Langu

Wa tano nilisoma mimi. Wa nne ulisoma wewe.

#45 Mzee wa Leja

Aliyesoma wa nne alisoma namna gani? "Tano, tisa, mbili", au "mia tano tisini na mbili"?

#46 Daftari Langu

Tarakimu moja moja. Hilo tunakubaliana wote wawili.

#47 Salio Sahihi

Na wa tano, 0.519, ulisomwa mara tu baada ya wa nne? Kama mkono wake ulikuwa nyuma kwa namba moja, basi tisa ya 519 iliingia sikioni wakati anamalizia 592. Hapo nadharia yangu na ya mzee zinakuwa kitu kimoja.

#48 Binti Hesabu

Au hakuna kati ya hizo, na ni mkono tu. Mimi nimewahi kupindua namba ya simu yangu mwenyewe.

#49 Daftari Langu

Nimefungua daftari lake, aliliacha kwangu. Vigezo vinne vimeandikwa kwa wino mweusi. 0.529 peke yake ni ya bluu.

#50 Msomi wa Usiku

Kalamu ya bluu ilikuwa yako.

#51 Daftari Langu

Uliniomba. Nilikupa, nikachukua kitabu nikushikie wakati unaandika.

#52 Msomi wa Usiku

Kwa hiyo kitabu ulikuwa nacho wewe.